Siku Moja ya Bi Viraka

Ukifika hospitali yetu, ukapita dirisha la dawa, ukapita mahali wanapofua, utakuta chumba kidogo chenye cherehani ya miguu na rundo la mashuka lililofika dirishani. Hapo ndipo alipofanyia kazi Bi Viraka. Jina analo, tena zuri, lakini watu walilisahau zamani, na yeye mwenyewe alikuwa akiitwa kwa jina lake halisi anageuka kutazama ni nani kaingia. Shuka likichanika, ni yeye. Gauni la mgonjwa likipoteza kamba, ni yeye. Aliweza kutia kiraka mpaka mgonjwa akalalia bila kujua kuna kiraka.

Nilikaa naye jirani miaka mingi, ukuta mmoja, kwa hiyo ninayowasimulia mengine niliyaona na mengine aliniambia mwenyewe, siku alipokuwa tayari.

Kitu kimoja kila mtu alikijua: Bi Viraka hakai akaupa mgongo mlango. Hata akija kwako kukupa pole ya homa, kwanza atahamisha kiti. Na mlango wa nyumbani kwake ulifungwa kabla jua halijazama. Komeo chini, komeo juu. Ukichelewa kumrudishia sufuria, itabidi ugonge kesho.

"Bi Viraka, unaogopa wezi?" nilimtania siku moja. "Humo ndani kuna nini cha kuibwa, sindano?"

"Mwizi ana haja," aliniambia. "Anayekuja kwangu hana haja. Anauliza tu."

Sikuelewa. Nilicheka, na yeye akacheka kidogo kunifuata, kama mtu anayekusindikiza mpaka kona halafu anarudi.

Baadaye ndipo alipoeleza. Tangu akiwa mtoto mdogo alikuwa na ndoto moja. Mwanaume anasimama mlangoni, mwanga uko nyuma yake, uso hauonekani. Nywele zake zimejaa unga wa mbao, na chumba chote kinanuka mbao mbichi iliyopasuliwa sasa hivi. Anainamisha kichwa kidogo, anatazama ndani, anauliza: "Huyu ni nani?" Basi. Bi Viraka anataka kujibu, mdomo haufunguki. Akiamka, harufu ya mbao bado imo chumbani, na inachukua muda kuondoka.

Hakuhitaji mtu wa kumfasiria. Baba yake alikuwa mpasua mbao kwenye kiwanda cha magogo, na msumeno mkubwa ulimuua asubuhi moja zamu ya kwanza ikianza. Mama yake alimwambia tangu akiwa mdogo: "Baba yako alitangulia, ukaja wewe. Kilio hakijakauka, Mungu akatupa wewe kutufuta machozi." Watu walimpenda kwa ajili hiyo. Mtoto wa marehemu, mtoto wa faraja. Lakini yeye alilichukua neno lile kwa upande wake mwingine: baba hakumwona. Hamjui. Ndiyo maana anakuja mlangoni kuuliza. Na mtu aliyekufa asipomjua mtoto wake, wewe ni wa nani?

Hivyo ndivyo alivyoishi, jamani. Anacheka, anashona, anahudhuria misiba na harusi, na jioni anafunga komeo kumzuia baba yake.

Sasa mwaka huo hospitali ikatoa tangazo: kila mfanyakazi alete cheti cha kuzaliwa, wanaotimiza miaka sitini wajiandae kustaafu. Bi Viraka hakuwa na cheti. Alichokuwa nacho ni maneno ya mama yake, aliyokaririshwa kama sura: mwezi mosi Ramadhani, mwaka elfu moja mia tatu themanini na nne. Mama, aliyekufa miaka saba kabla, hakuwahi kumpa tarehe nyingine. Ukimuuliza ilikuwa siku gani ya wiki, anageuza mazungumzo, au anasema, "Siku ni siku."

Ofisi ya vizazi na vifo wakamwambia tarehe hiyo hawaiwezi, aende ofisi ya kadhi, huko kuna karani anayegeuza tarehe za hijria kuwa za miladi, aandikiwe, kisha arudi. Nilimsindikiza mimi. Yeye alikuwa ameshajitoa kwenye kazi moyoni.

"Nimefunga Ramadhani ya sitini na moja mwaka huu," alisema njiani. "Hata sitini ilishanipita. Watanifukuza na sindano mkononi."

Karani alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi na tabia ya kusema na tarehe kama anasema na watoto. Alituonyesha viti. Bi Viraka akahamisha cha kwake mpaka akauona mlango.

"Elfu moja mia tatu themanini na nne," karani alisema. "Haya, mama, tuanze na mkato wa wazee, halafu twende kwenye jedwali. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua, siku kumi au kumi na moja. Miaka thelathini na mitatu ya mwezi ni kama thelathini na miwili ya jua. Kwa hiyo nagawa mwaka wako kwa thelathini na tatu: napata kama arobaini na mbili. Natoa. Inabaki elfu moja mia tatu arobaini na mbili. Naongeza mia sita ishirini na mbili."

"Kwa nini hiyo?"

"Ndiyo miaka ya miladi iliyokuwa imepita hijria ilipoanza. Tunapata elfu moja mia tisa sitini na nne. Lakini huo ni mwaka ulipoanza, Muharamu yake, iliangukia Mei. Ramadhani ni mwezi wa tisa wa hijria, kwa hiyo tumeshavuka, tumeingia sitini na tano." Akafungua jedwali lake, akashusha kidole. "Mosi Ramadhani. Tarehe nne Januari, elfu moja mia tisa sitini na tano. Jumatatu."

"Kwa hiyo nina miaka mingapi?"

"Hamsini na tisa. Sitini utatimiza Januari hii inayokuja."

Bi Viraka akapiga paja. "Na Ramadhani zangu sitini na moja je? Zimekwenda wapi?"

"Hazijaenda popote, mama. Kwa mwezi una sitini na moja. Kwa jua una hamsini na tisa. Wote wawili wanasema kweli."

"Karani kanipunguzia miaka miwili bila hata kunipaka mafuta usoni," aliniambia, na tukacheka wote watatu.

Mimi ndiye niliyeona cheko lake linakatika. Lilikatika katikati, kama uzi. Alikuwa anamtazama karani, midomo inajongea bila sauti.

"Umesema tarehe nne," akasema.

"Nne Januari."

"Jiwe la baba yangu limeandikwa tarehe tano. Tano Januari, sitini na tano. Kiwanda ndio waliomwekea. Kila mwaka nasafiri kwenda kulifuta vumbi, narudi siku hiyohiyo."

Fikirini jambo hili. Miaka yote hiyo alilifuta lile jiwe kwa kitambaa, na miaka yote hiyo akaikariri Ramadhani yake, na hata siku moja havikukutana. Kaburi lilihesabu kwa jua. Mama alihesabu kwa mwezi. Ilikuwa kama vyumba viwili vya nyumba moja visivyo na mlango kati yake, na karani, bila kujua, ametoboa mlango.

"Basi nilizaliwa kabla hajafa," Bi Viraka alisema. "Siku moja kabla. Alikuwepo."

Karani akavua miwani. Nampa heshima yake: angeweza kunyamaza, aandike, apige muhuri, twende zetu na furaha yetu.

"Mama, sikia. Hili jedwali ni hesabu tupu. Linapanga miezi: huu siku thelathini, huu ishirini na tisa, huu thelathini. Lakini watu hawakufunga kwa jedwali. Walifunga kwa macho. Hesabu inaniambia mwezi mwandamo ulitarajiwa Jumapili jioni, tarehe tatu. Mji wenu kama waliuona, Jumatatu ndiyo mosi. Kama kulikuwa na mawingu, au mwezi ulikuwa mchanga mno ukawaponyoka, walikamilisha Shaabani siku thelathini, na mosi ikawa Jumanne. Siku moja mbele. Inatokea sana."

"Jumanne ni tarehe ngapi?"

"Tano."

Nje mtu alikuwa anaburuta meza kwenye ukumbi.

"Kwa umri," karani alisema polepole, "siku moja haidhuru kitu. Sitini ni ileile. Nikuandikie nne au tano, hospitali hawatajali."

"Mimi najali," alisema Bi Viraka. "Usiandike kitu. Nitakuletea siku."

"Basi niletee moja tu, mama. Mji wenu walianza kufunga siku gani ya wiki. Siku ya wiki haidanganyi. Miezi inaweza kubishaniwa, lakini Jumanne ni Jumanne kwa kila mtu."

Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa mmoja: shangazi yake, dada wa marehemu baba, mwanamke aliyekuwa amepungua mpaka kitanda kikawa kikubwa kwake. Macho yalikuwa yamekwenda, masikio yapo, ulimi upo kuliko vyote. Aliishi kwa mjukuu wake, chumba cha nyuma, redio imewekwa shavuni kama mtoto.

Usiku ule kabla ya kwenda, Bi Viraka aliniambia, mwanaume alikuja tena. Lakini safari hii alikuwa amesimama karibu zaidi, ndani ya kizingiti, mguu mmoja chumbani. Aliuliza lilelile. Bi Viraka alipoamka, komeo zote mbili zilikuwa zimefungwa, na sakafuni karibu na mlango, alisema, palikuwa na kitu cheupe chembamba kama unga. Alifagia bila kuwasha taa. Sikumuuliza alikitupa wapi.

Shangazi alitupokea kwa vijembe, kama kawaida yake.

"Nani huyo ananuka dawa ya hospitali? Ni yule mtoto wa kaka yangu? Nilidhani umeshakufa, umenipita foleni bila hata kuniaga."

"Nipo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Na huyo mwingine anayepumua ni nani?"

"Jirani yangu."

"Mwambie apumue polepole, hewa humu ni ya kugawana."

Tukakaa. Bi Viraka akakaa kitandani, akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliupa mgongo mlango. Nadhani hakujua.

"Shangazi, mwaka niliozaliwa, Ramadhani mlianza kufunga siku gani?"

Redio ilikuwa inasema peke yake. Shangazi aliitafuta kwa vidole, akaizima.

"Swali gani hilo la kumuuliza kipofu?"

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Jumanne."

Bi Viraka akauachia mkono wa shangazi. Jumanne. Tarehe tano. Ile ya kwenye jiwe. Basi mama alisema kweli: baba alikwenda asubuhi, mtoto akaja baadaye, na wawili hawakukutana ila kwa tarehe. Hakulia. Alitikisa kichwa tu kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia.

"Jumapili tuliutafuta tukaukosa," shangazi aliendelea, maana mzee ukishamfungulia bomba huwezi kulifunga. "Mawingu kama blanketi. Jumatatu jioni ukatokea, mnene! Si mwezi wa siku moja ule. Wanaume wako nje wanabishana: huu ni wa jana, tumekula siku ya Mungu mchana kweupe. Baba yako naye yupo hapohapo kwenye ubishi, katoka kiwandani hajaoga, sauti yake naisikia mpaka ndani. Namwambia wifi yangu, sukuma, mwache mumeo abishane na mwezi, wewe una kazi yako."

Bi Viraka akageuka. "Kazi gani?"

Shangazi akafunga mdomo. Alikuwa ameuachia ulimi, ukatangulia.

"Shangazi. Kazi gani?"

"Nilimwapia mama yako."

"Mama hayupo."

"Kiapo kipo." Akavuta pumzi ndefu. "Ah! Miaka yote hii. Na mimi nikifa nimwachie nani? Redio?"

Akatusimulia. Bi Viraka alizaliwa jioni ileile ya Jumatatu, isha imeshapita, haijafika hata saa nne. Shangazi, wakati huo msichana, ndiye aliyeshika taa. Baba alikaa na mtoto usiku kucha. Walipoamka kula daku alikula amempakata, punje za wali zikimwangukia mtoto kwenye nguo. Kisha akaenda kazini Jumanne asubuhi, hajalala. Na hilo ndilo walilosema baadaye, kwamba hakuwa amelala.

"Bibi yako, mama yetu, uchungu ulimpindua akili. Akasimama mbele ya wafiwa akasema: mtoto huyu kaingia usiku, baba katoka asubuhi. Ana mguu mbaya, wa mkosi. Mama yako alikusikia ukiitwa hivyo ukiwa hujatimiza hata siku mbili. Kabla ya arobaini akakufunga mgongoni, akahamia mji mwingine. Huko akasema baba alikufa kwanza. Mtoto anayezaliwa baba ameshakufa, watu humwonea huruma. Lakini mtoto anayezaliwa usiku, baba akafa asubuhi, watu humuuliza amekuja na nini. Tarehe hakuigeuza, ni yako, aliogopa kuigusa. Aligeuza hadithi. Nani angekwenda kupima mwezi na jua?"

Bi Viraka akasogea karibu naye. Aliuliza kwa sauti ndogo sana, "Aliponiona, alifanya nini?"

Shangazi akatabasamu, uso wote ukakunjamana. Wallahi, hakuna aliyekuwa amemwambia habari za ndoto. Mimi mwenyewe niliapishwa.

"Tulimwita. Akaja mbio, akasimama mlangoni, anaogopa kuingia na uchafu wake. Kichwa kizima unga wa mbao, mwezi nyuma yake. Akachungulia hivi, akauliza, 'Huyu ni nani?' Sisi tukaangua kicheko. Mtu mzima mwenye mwili wake, anakiulizia kitoto kama anamuulizia mgeni wa heshima. 'Huyu ni nani?' Tulicheka, mwanangu, tulicheka mpaka mkunga akatukemea."

"Mkamjibu nini?"

"Tumjibu nini? Jina hukuwa nalo. Tulisema tutakupa siku ya saba." Vidole vyake vikarudi kwenye redio lakini havikuiwasha. "Hakuna aliyemjibu."

Kesho yake tulirudi kwa karani. Bi Viraka alimpa siku kama alivyoahidi, na saa juu yake. Karani alisikiliza, akaandika pembeni, akafuta, akaandika tena, kisha akacheka peke yake.

"Mji wenu mlichelewa siku moja, ni kweli. Mosi yenu ni Jumanne. Lakini siku ya mwezi haisubiri alfajiri, huingia jua linapozama. Kwa hiyo magharibi ya Jumatatu, mlipouona ule mwezi mnene, mosi Ramadhani ilikuwa imeshaingia. Wewe umezaliwa ndani yake. Kwa kalenda ya jua, saa sita ya usiku haijagonga, bado ni Jumatatu. Tarehe nne. Jedwali lilikosa siku kwa upande huu, usiku ukairudisha kwa upande ule. Likafika palepale kwa njia isiyo yake."

"Andika nne," alisema Bi Viraka.

Akaandika. Muhuri ukagongwa. Ofisi ya vizazi na vifo wakatoa cheti, hospitali wakakipokea, na mwezi wa kwanza akastaafu kwa chai na maneno matamu. Wakamzawadia shuka jipya, na utani ukawa ni huo.

Lakini mnataka kujua jioni ile, tulipotoka kwa karani. Nami nawaambia nilichokiona, msiniulize zaidi.

Jua lilikuwa linashuka. Nilikuwa uani kwangu natoa nguo kambani, nikasubiri kusikia komeo zake, chini, juu, kama kila siku. Sikuzisikia. Nikachungulia. Mlango wake ulikuwa wazi, wazi kabisa, umezuiwa kwa tofali. Ndani hakuwasha taa. Alikuwa amekaa juu ya kiti, ameelekea mlango, mikono mapajani, amevaa nguo zake za Ijumaa.

Hapakuwa na mtu. Ila harufu ilipita juu ya ukuta, mbichi, tamu, harufu ya mti uliopasuliwa sasa hivi, na mtaani kwetu hakuna seremala.

Bi Viraka akainua uso kama mtu aliyeulizwa. Mdomo ukafunguka. Akataja jina lake, lile ambalo sote tulilisahau, akaunganisha na la baba yake, akataja na la babu, polepole, kwa adabu, kama anayejitambulisha kwa mkubwa.

Kisha akasubiri mpaka giza likaingia lote. Nilimwona akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Tangu siku hiyo hajaja tena, aliniambia. Si ndotoni, si mlangoni. Amepata jibu lake, kwa nini aje? Nilidhani angefurahi. Lakini hadi leo ukipita kwetu wakati wa magharibi utaukuta ule mlango uko wazi, tofali chini yake, na Bi Viraka amekaa ameuelekea, mapajani mashuka ya majirani anayoyatia viraka siku hizi, sindano imesimama mkononi, ananusa hewa.

Humo ndani hakunuki chochote ila mashuka.